Meseji 131 Zilizokwama Mahali Hakuna Mtu Huangalia

Kama umewahi kupandisha klipu ukiwa na bando la mwisho, unajua ile hali. Simu inakuambia `Processing`. Unaenda kuoga, unarudi, bado `Processing`. Unalala na kuamka asubuhi, bado. Haijakataa na haijakubali. Unaogopa kuifuta, unaogopa kuipandisha tena isije ikatokea mara mbili. Wengi wenu mliniandikia kuhusu hiyo kitu wiki iliyopita, na nikasema nitawapa stori ya siku `processing` ilivyonichoma mimi mwenyewe, na ikakaribia kumfutisha kazi msichana wa watu. Hii ndiyo hiyo stori. Kuna msimbo kidogo ndani, lakini hata kama hujawahi kuandika programu utaelewa.

Wengi mnanijua kwa klipu za Nyeri na Karatina, lakini bili zangu hulipwa na kazi ndogo ndogo za kompyuta. Mojawapo ilikuwa ya kiwanda kimoja cha kahawa njia ya kwenda Othaya. Sitakitaja, na kwa vile kosa lilikuwa langu, haina haja. Kazi ilikuwa rahisi. Mkulima akileta cheri, karani anapima, anaandika kwa kitabu, kisha anaingiza kwa kompyuta. Jioni mkulima anapata meseji ikimwambia kilo alizoleta. Kama hujakulia huku unaweza kuuliza meseji ya kilo ni ya nini. Ni kwamba pesa ya kahawa haiji siku hiyo wala mwezi huo. Unapeleka cheri Novemba, unalipwa miezi baadaye kahawa ikishauzwa. Katikati ya hapo mkulima hana kitu mkononi ila ushahidi wa kilo. Mizani ya kahawa na watu wa mlima huu wana historia ndefu ya kutoaminiana, wacha niishie hapo.

Basi jioni moja mwishoni mwa Novemba cucu wangu akanipigia. Cucu huniita mzee wangu, kama macucu wote wa huku wanavyowaita wajukuu wa kiume.

"Mzee wangu, ile simu yako ya kahawa inachagua watu?"

"Kwa nini, Cucu?"

"Juzi nilipeleka kilo nyingi kuliko siku zote. Meseji hakuna. Nikipeleka kidogo, inakuja. Na si mimi peke yangu. Huku kwetu kwa mteremko wote hatukupata, na wale wa ng'ambo walipata."

Nikamwambia labda ni mtandao. Sote husema hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kitu kilichonifanya niketi chini. Wanachama walikuwa wameitisha mkutano Jumamosi, na ajenda ilikuwa yule karani. Watu walishaamua kwamba siku kilo zikiwa nyingi anazimeza, ndio maana meseji hazikuji.

Na ukiangalia kwa macho ya mkulima, walikuwa na haki ya kushuku. Siku zenye mzigo mkubwa tu ndizo zenye shida. Wanaokosa ni watu wa upande mmoja. Wizi ukiwa na sura, hiyo ndiyo sura yake.

Nikafungua laptopu. Dashibodi niliyotengeneza mwenyewe ilikuwa na namba moja kubwa ya kijani: meseji zinazongoja, 0. Manze, nilikuwa najivunia hiyo sifuri. Kila asubuhi nilikuwa naiangalia nikinywa chai na kusema mambo ni shwari.

Wacha nieleze mfumo ulivyokuwa. Kila meseji ni mstari mmoja kwa jedwali la databesi, na mstari una neno moja la kusema uko katika hali gani. Ukiingia tu unaandikwa `pending`, yaani unangoja. Kila dakika moja `cron` inaamsha programu ndogo, mimi huiita kibarua. Kibarua anakuja, anachukua mistari 50 ya `pending`, anaibadilisha yote iwe `processing` ili kibarua mwingine asiiguse, halafu anatuma mmoja mmoja. Akimaliza mmoja anauandika `sent`. Kuchukua kazi kulikuwa hivi:

```sql
UPDATE messages SET status = 'processing'
WHERE id IN (
  SELECT id FROM messages
  WHERE status = 'pending'
  ORDER BY id LIMIT 50
  FOR UPDATE SKIP LOCKED
)
RETURNING id, phone, body;
```

Hayo maneno `SKIP LOCKED` yako kwa PostgreSQL tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016. Kazi yake ni kufanya vibarua wawili wakija pamoja wasigombanie mistari ile ile. Yanafanya kazi yake vizuri kabisa, na hapo hapakuwa na kosa.

Usiku huo nikafanya kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu msimu uanze. Badala ya kuuliza zinazongoja ni ngapi, niliuliza kila hali ina ngapi:

```sql
SELECT status, count(*) FROM messages GROUP BY status;
```

`sent` zilikuwa 8,947. `failed` 6. `pending` 0, kama kawaida. Na `processing`, 131.

Saa hiyo ilikuwa karibu saa tano usiku. Kiwanda kimefungwa, cheri zimeshasagwa, hakuna kibarua hata mmoja anayefanya kazi. Sasa hizo 131 zilikuwa zinashughulikiwa na nani?

Fikiria kisiagi pale sokoni. Watu wamepanga madebe ya mahindi nje kwa laini. Mwenye mashine anatoka, anachukua madebe matano, anayaingiza ndani. Kabla hajasaga la tatu, anaanguka, anakimbizwa hospitali. Baada ya dakika moja kijana mwingine anakuja kushika zamu. Anaangalia nje kwenye laini, anachukua madebe matano yanayofuata, anasaga, anaendelea hadi laini inaisha. Mwenye kisiagi akipita na kuuliza kuna kazi imebaki, kijana anaangalia nje na kusema hakuna, laini ni tupu. Na ni kweli, laini ni tupu. Yale madebe matatu yako ndani nyuma ya mlango, na hakuna mtu kazi yake ni kuangalia nyuma ya mlango.

Hiyo ndiyo shida yote. `pending` ilisema ukweli. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza swali nusu.

Sasa kwa nini kibarua wangu alikuwa anaanguka? Hapa nilichukua muda, kwa sababu kwa daftari la programu yenyewe hakukuwa na kosa lolote. Hakuna malalamiko, hakuna mstari mwekundu. Maandishi yanaenda vizuri, kisha yanakatika katikati, kisha dakika inayofuata kibarua mpya anaanza kama hakuna kilichotokea. Niliyapata mahali pengine, kwa kumbukumbu za mfumo wa sava yenyewe, kwa amri ya `dmesg`: `Out of memory: Killed process`, halafu namba ya kibarua wangu.

Sava yetu ilikuwa ndogo, yenye memori ya gigabaiti 1, kwa sababu ndiyo kiwanda kiliweza kulipia. Saa moja jioni sava hiyo hiyo ilikuwa inatengeneza ripoti ya siku ya meneja, yenye kila mkulima na kilo zake. Siku ya kawaida ripoti ni ndogo, memori inatosha. Siku ya mzigo mkubwa ripoti inavimba, memori inaisha, na Linux ikiishiwa memori huchagua programu moja na kuiua ili mashine isife yote. Mara nne msimu huo ilimchagua kibarua wa meseji.

Umeona sasa mbona cucu alikosa meseji siku ya kilo nyingi? Siku ya kilo nyingi kwake ilikuwa ya kilo nyingi kwa kila mtu, na ndizo siku ripoti ilimuua kibarua. Na ule upande mmoja? Meseji huenda kwa mpangilio wa kupimwa. Watu wa mteremko wa cucu hukodisha pikapu moja, magunia yao hufika pamoja, hupimwa wakifuatana. Kwa hivyo wakakaa kwa fungu moja la 50, na fungu likafa nao. Wa ng'ambo walikuwa kwa fungu la mbele na la nyuma. Karani hakuwa amekula hata kilo moja. Kitabu chake na jedwali la kilo vilikuwa sawa kwa kila mstari, nilikagua hizo 131 zote.

Kuna msomaji atauliza, si ungeweka kinga, programu ikianguka irudishe kazi kwa laini? Niliweka! Hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Kwa msimbo wangu kulikuwa na `try` na `except`, kwamba kosa likitokea, mstari urudi `pending`. Na ilikuwa inafanya kazi mtandao ukisumbua, niliijaribu mwenyewe. Lakini kinga hiyo inamtegemea kibarua mwenyewe aliye hai. Linux ikikuua kwa kukosa memori inakutumia `SIGKILL`, na hiyo programu haiwezi kuishika wala kuisikia. Hakuna `except` itakayokimbia, hakuna `finally`, hakuna kwaheri. Stima ikipotea ni hivyo hivyo. Maiti haiwezi kurudisha debe kwa laini. Anayerudisha lazima awe mtu mwingine, na huyo mtu kwa mfumo wangu hakuwepo.

Kabla ya kuzituma tena, nilizigawanya kwa usiku zilizotokea. Wacha tuchukue usiku wa kwanza. Fungu lilikuwa la 50. Zilizoandikwa `sent` ni 17. Zilizobaki `processing` ni 33. Mtu mwenye haraka atasema, tuma hizo 33. Lakini nilifungua orodha ya kampuni inayopeleka meseji, na wao walikuwa wamepokea 18 kutoka kwa fungu hilo. Mstari wa 18 ulikuwa umetoka kabisa, mkulima ameshasoma, lakini kibarua aliuawa katika ile nusu sekunde kati ya kupewa jibu na kuandika `sent`. Kwa databesi, mstari wa 18 na wa 19 wanafanana kama mapacha. Mmoja ametumwa, mwingine hajatumwa, na hakuna kitu ndani ya mfumo wako kinachoweza kukuambia ni yupi. Lazima uulize upande wa pili. Kwa zile usiku nne, tatu kati ya 131 zilikuwa zimefika. Nikabaki na 128.

Na hata hizo 128 sikuweza kuzituma kama zilivyo. Niliziandika mwanzoni hivi: "Leo umeleta kilo 64." Sasa hiyo "leo" ilikuwa wiki mbili zimepita! Mkulima akipata hiyo Jumanne wakati hajapeleka cheri, atadhani nini? Ilibidi niandike upya kila moja iwe na tarehe yake na namba ya risiti. Tangu siku hiyo sijaweka neno "leo" kwa kitu chochote kinachokaa kwa foleni.

Asubuhi nikampigia karani. Nikamwambia ni mimi, si yeye. Hakunitukana, ingawa angekuwa na haki. Aliniuliza tu kama naweza kuja Jumamosi nikaseme hivyo mbele ya watu. Nikaenda. Nilibeba kitabu chake na orodha yangu, tukasoma jina kwa jina, kilo kwa kilo. Mzee mmoja akauliza kwa Kikuyu kama kompyuta huzimia. Nikamwambia ndiyo, guka, huzimia, na hii ilizimia ikiwa imeshika barua zenu mkononi. Walicheka kidogo. Lakini kuna mama mmoja hakucheka, alisema karani alikuwa amelia wiki nzima na hakuna aliyemwomba msamaha. Hapo hata mimi sikuwa na la kusema.

Sasa tengenezo. Na hapa nilikosea mara ya pili, nisikilizeni.

Nilifikiria haraka haraka: kila kibarua akianza, kwanza arudishe `processing` zote ziwe `pending`, halafu aanze kazi. Mstari mmoja tu wa msimbo. Nikauweka Jumatatu mchana. Jumatatu jioni cucu akapiga simu akiwa na furaha: amepewa kilo 128! Alikuwa amepeleka 64, na amepata meseji mbili.

Hesabu yake ni hii. Meseji moja inachukua kama sekunde 2, kwa hivyo fungu la 50 ni sekunde 100. Lakini `cron` inaamsha kibarua mpya kila sekunde 60. Kibarua wa kwanza, saa moja na dakika moja, ametuma 30, bado ana 20 mkononi na yuko hai, anafanya kazi vizuri. Wa pili anaingia, anaona 20 zimeandikwa `processing`, anadhani mwenzake amekufa, anazirudisha kwa laini na kuzichukua yeye. Wa kwanza hajui, anaendelea na orodha yake. Watu 20 wanapata mara mbili. Dakika inayofuata wa tatu anamfanyia wa pili hivyo hivyo. Wengi hupendekeza hii njia kwa sababu inafanya kazi ukiwa na kibarua mmoja. Ukiwa na wawili, neno `processing` peke yake haliwezi kukuambia mwenye kazi amekufa au anachapa kazi. Ni neno lile lile kwa wote wawili.

Kinachotofautisha ni saa. Kwa hivyo sasa kibarua hapewi kazi, anaazimwa. Akichukua mstari anaandika ameuchukua saa ngapi, na anaandika alama yake. Asipomaliza kwa muda uliopangwa, mstari unahesabiwa kama unangoja tena, na yeyote anaweza kuuchukua. Huhitaji programu ya pili ya kufagia, kwa sababu swali lenyewe la kutafuta kazi ndilo linaangalia nyuma ya mlango:

```sql
UPDATE messages
SET status = 'processing', claimed_at = now(),
    claim_id = :me, attempts = attempts + 1
WHERE id IN (
  SELECT id FROM messages
  WHERE attempts < 5
    AND (status = 'pending'
     OR (status = 'processing'
         AND claimed_at < now() - interval '10 minutes'))
  ORDER BY id LIMIT 5
  FOR UPDATE SKIP LOCKED
)
RETURNING id, phone, body;
```

Wazo si langu. Foleni ya SQS ya Amazon hufanya hivyo hivyo: ukichukua ujumbe unafichwa kwa wengine kwa muda, sekunde 30 usipobadilisha, na usipoufuta unajitokeza tena wenyewe. Wanaoandika PHP kwa Laravel wana `retry_after`, na hukuja ikiwa sekunde 90. Watu wengi huku hutumia hizo bila kujua kwa nini ziko.

Dakika 10 nilizitoa wapi? Si kwa hewa. Kanuni ni kwamba muda wa kuazima uwe mrefu kuliko kazi ndefu kabisa ya mtu mwaminifu. Nilipunguza fungu kutoka 50 hadi 5, na nikaweka kwamba meseji moja isipojibiwa kwa sekunde 20 iachwe. Tano mara 20 ni sekunde 100, basi dakika 10 zina nafasi ya kutosha. Ningeacha fungu la 50 na jioni mtandao uwe mzito, sekunde 20 kwa kila moja, ni karibu dakika 17, na hapo kibarua hai angenyang'anywa tena. Ukifupisha sana unatuma mara mbili. Ukirefusha sana mkulima anangoja. Kwa risiti ya kahawa, kuchelewa dakika 10 hakuumizi mtu.

Hiyo `claim_id` ina kazi yake pia. Kibarua akimaliza, anaandika `sent` kwa sharti kwamba alama kwa mstari bado ni yake:

```sql
UPDATE messages SET status = 'sent'
WHERE id = :id AND claim_id = :me;
```

Kama alichelewa na mstari umeshachukuliwa na mwingine, hii inabadilisha mistari sifuri, na anajua aachane nayo. Lakini nisiwadanganye, hii inalinda daftari tu. Meseji ikishatoka imetoka. Ule mstari wa 18 bado unaweza kutokea kesho, na ukitokea utatumwa mara mbili. Niliamua ni sawa, kwa sababu sasa kila meseji ina namba ya risiti. Cucu akipata mbili zenye namba moja, anajua ni risiti moja. Nilimfundisha hiyo mwenyewe, na akasikitika kupoteza zile kilo 64 za hewa.

Na `attempts`? Hiyo ni ya mstari wenye sumu. Tuseme kuna meseji moja ambayo kila ikishikwa inamwangusha kibarua. Zamani ingekwama `processing` na kunyamaza. Sasa ingerudi kila dakika 10, imuue kibarua pamoja na wenzake wanne, irudi tena, mpaka Yesu arudi. Kwa hivyo inahesabiwa, na ikifika mara 5 haichukuliwi tena, inaonekana kwa orodha ya kuangaliwa na mtu. Angalia kwamba hesabu inaongezwa wakati wa kuchukua, si wakati wa kushindwa. Aliyekufa hawezi kuhesabu kwamba amekufa.

Kuna mtu wa Nanyuki aliniandikia akiuliza kama anaweza kunakili hii kwa malipo, kwamba anatuma pesa kwa wafanyakazi kwa simu. Ndugu, hapana, si hivi. Risiti mbili ni usumbufu, malipo mawili ni pesa imeenda. Kwa pesa, mstari uliozidi muda usirudi kwa laini wenyewe. Upeleke kwa hali nyingine, uite vyovyote, halafu umuulize anayelipa kwanza: hii namba ya muamala mnaijua, iliishia wapi? Safaricom kwa Daraja wana swali la aina hiyo, `TransactionStatusQuery`. Akijibu ilipita, andika ililipwa. Akijibu haikupita, lipa. Asipojibu, mtu akae chini aangalie, hata kama wafanyakazi wanapiga kelele.

Dashibodi pia nilibadilisha. Ile sifuri ya kijani nimeitoa kabisa. Mahali pake kuna namba moja inayoniambia ile kazi ya zamani kuliko zote ambayo haijaisha ina dakika ngapi, iwe `pending` au `processing`. Ikipita 15, simu yangu inalia. Imeshalia mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa sava ya meseji ya upande wa pili imelala, mara ya pili ilikuwa namba ya simu iliyoandikwa na herufi O mahali pa sifuri.

Ripoti ya meneja niliihamisha hadi saa saba usiku. Sikuiondoa, na memori ni ile ile gigabaiti 1, kwa sababu bajeti ni ile ile. Wiki iliyopita, siku ya mzigo mkubwa, nikaona tena kwa `dmesg` kibarua ameuawa, safari hii kwa sababu ya kitu kingine. Ilikuwa saa moja na dakika nne. Nikakaa nikaangalia jedwali bila kugusa kitu. Mistari mitatu ikakaa `processing`. Saa moja na dakika kumi na tano kibarua mwingine akaichukua yote mitatu. Nikapiga simu nyumbani.

"Cucu, umepata meseji?"

"Nimepata, mzee wangu. Lakini jirani alipata kabla yangu. Kwani yeye ni nani?"